Ukurasa Uliolala

Mara tatu karani wa ardhi aliturudishia ramani ya kiwanja cha Mwalimu Sesilia tuliyomtumia kwa barua pepe, akisema ukurasa umelala. Mara tatu niliufungua kwenye kompyuta ya steshenari yangu hapa Goba, nikaukuta umesimama wima. Nikamwambia mwalimu kwamba huyo karani ni mvivu tu, anatafuta sababu.

Mwalimu hakubishana. Aliifungua faili ileile kwenye simu yake, akanionyesha. Ukurasa umelala.

Nikakumbuka. Siku ya kuskani niliuona umelala hivyohivyo, nikabonyeza kitufe cha kuzungusha, nikahifadhi. Kumbe kitufe hakikuigusa picha. Kiliandika tu agizo ndani ya faili: anayeufungua ukurasa huu augeuze digrii tisini. Programu yangu inalitii agizo. Ya simu, na bila shaka ya karani, hailijali. Inaonyesha picha ilivyo.

Safari hii nikaigeuza picha yenyewe, nikatengeneza PDF mpya isiyo na agizo lolote. Ikasimama kwenye simu na kwenye kompyuta. Tukaituma.

Karani alijibu: “Asante. Ile ya kwanza nilishaisoma yote, kichwa nimekilaza begani. Vipimo viko sawa. Nilihofia tu wakubwa wangu wasingejisumbua kuisoma hivyo.”

Mwalimu alinisomea ujumbe huo mara mbili, polepole.