Wanne wa Ijumaa

Saa nne kasorobo asubuhi, Jumanne, bamba la plastiki ndani ya oveni ya karakana lilianza kuwa angavu kama kioo. Fundi alikuwa akiingojea dalili hiyo. Alivaa glovu nene, akalitoa bamba likiwa limelegea, akalivika juu ya umbo la plasta lililoigwa kutoka kwenye kigutu cha mtu, akabana mshono nyuma na kufungua pampu ya kunyonya hewa. Plastiki ikashika umbo. Ikipoa ingekuwa kikombe, yaani ile sehemu ya mguu bandia ambamo kigutu huingia.

Mkuu wa karakana aliingia hapo hapo, karatasi mkononi.

"Fundi, dakika mbili."

Karakana nzima ilimwita Dakika Mbili, na mwenyewe alilijua jina hilo. Hakuna aliyewahi kuona dakika zake zikiishia mbili.

"Mikono imeshikwa, bosi. Sema tu, masikio yako wazi."

"Wafadhili wanakuja Ijumaa. Mkurugenzi anataka wawaone watu wanne wakitembea. Majina haya hapa. Wote wamekatwa chini ya goti, kazi nyepesi."

Fundi alizima pampu, akavua glovu, akaketi kwenye kigoda. Shingo ilikuwa inamuuma tangu alipoamka, na plasta iliyomkauka kwenye vifundo vya vidole ilikuwa imeanza kupasua ngozi. Mwenzake wa meza ya pili alikuwa likizo ya uzazi. Tangu aondoke, kazi za meza mbili zilihamia meza moja, na hakuna aliyetamka kwamba zimehama.

"Wanne siwezi," alisema.

"Hujaangalia hata majina."

"Nipe niyaangalie." Alisoma. "Huyu wa kwanza na huyu wa tatu nimewaona juzi kliniki. Vigutu vyao bado vimevimba, wanafungwa bendeji. Ukiwapima leo, mwezi ujao miguu inawapwaya. Huyu wa nne kidonda hakijafunga. Huyo usinipe hata kwa bunduki."

"Kwa hiyo anabaki mmoja."

"Anabaki mmoja. Huyo naweza, ila si juu ya hizi kazi nilizo nazo. Kitu kimoja kitoke."

"Ukikaa jioni mbili tatu?"

"Jioni nimeshazitoa zote, na Jumamosi mbili. Angalia kwenye pipa pale."

Mkuu aliinama. Ndani ya pipa la taka kulikuwa na kikombe kidogo, cha mtoto, kilichokatwa vibaya ukingoni; akakiinua.

"Hicho ni cha jana saa moja usiku," fundi alisema. "Msumeno ulivuka mstari, nikauangalia unavuka. Hiki nilichotoa sasa hivi ndicho cha kukifidia. Jioni yako ya bure imekula bamba zima na asubuhi yangu."

Mkuu alikirudisha kikombe pipani. Alikuwa fundi kwa miaka mingi kabla ya kupewa ofisi, na ile kona iliyokatwa ilimweleza habari yote.

"Haya. Kitoke kipi?"

Fundi alinyoosha mkono kuelekea ubao ukutani. Alikuwa ameuandika mwenyewe tangu Jumatatu: binti wa shule (kikombe kipya, mguu wa zamani umekuwa mdogo), msusi (mguu wa kwanza, jaribio la mwisho na kumalizia), mwalimu mstaafu (mguu wa pili), na chini kabisa, matengenezo ya kila asubuhi, mikanda, boliti na nyayo zilizochanika.

"Chagua wewe. Nitakachokiacha, nikiache nikijua umekiacha wewe."

Ilikuwa kauli nzuri. Alikuwa ameipanga kichwani akipiga mswaki. Mkuu aliukaribia ubao, akausoma juu mpaka chini, akaweka kidole.

"Msusi. Huyu ana magongo na ameyazoea. Asubiri wiki mbili."

Kati ya yote yaliyokuwa pale, fundi alikuwa na hakika hilo halingeguswa, na kwa sababu ya hakika hiyo hakuwa ameandika neno la kulilinda.

"Huyo hapana."

"Umeniambia nichague. Nimechagua, unanirudisha. Sasa huo ni uchaguzi au ni mtihani?"

"Nilikosea, bosi. Ubao nimeandika kazi ilipofikia. Sikuandika kila mtu anangoja nini."

"Niambie basi."

"La kwanza ni la hapa hapa. Uvimbe umekwisha, ila kigutu chake bado kinapungua kidogo. Kikombe kimekaa sawasawa na kipimo cha wiki hii. Nikikiweka wiki mbili, huenda nikaanza upya na plasta. Hujaokoa kazi, umeiongeza."

"La pili?"

"Mwenye saluni amemshikia kiti mpaka Jumamosi. Akitokea kwa magongo, kiti anapewa mwingine. Huwezi kusuka umeshika magongo mawili."

Mkuu alijipangusa uso kwa kiganja. Kwa karibu alionekana naye hakulala.

"Lile la kwanza ningelielewa hata usiku wa manane. Hili la pili ndilo ungelianza nalo, dada."

"Nilidhani hesabu za karakana zitakutosha."

"Mkurugenzi hataki hesabu, anataka miguu. Mwalimu je?"

"Mwalimu ana mguu, anatembea nao. Huu ni wa akiba. Akisubiri ataumia roho, kigutu hakitaumia. Na matengenezo ya asubuhi hayawezi kutoka, wale wakikosa boliti hawafiki hata barabarani. Lakini si lazima niyafanye mimi."

"Ayafanye nani?"

Fundi alimnyooshea spana.

"Aa, wewe!" Mkuu alicheka kicheko kifupi kilichoisha njiani. "Mikono yangu imekuwa ya kalamu."

"Boliti ni zile zile."

Mkuu alitoa simu, akaiweka sauti ya nje juu ya meza katikati ya unga wa plasta.

"Shikamoo, mwalimu. Ni mimi wa karakana. Mguu wako wa pili tunausogeza wiki mbili."

"Marahaba. Nani kausogeza? Yule binti fundi?"

Fundi aliinua macho.

"Mimi, mwalimu," mkuu alisema. "Uamuzi ni wangu."

"Basi lawama ni zako. Nilimpangia safari mke wangu, nikamwambia safari hii sitachechemea. Wiki mbili zako zisizae, kijana."

"Hazitazaa."

Simu ilikatika. Fundi aliinuka akafuta mstari wa mwalimu, akauandika tena pembeni pamoja na tarehe mpya. Hakujisikia ameshinda kitu. Mzee yule alikuwa akija na mguu wake ukiwa umeng'arishwa kama kiatu.

Mkuu alipiga simu ya pili. Hii hakuiweka sauti ya nje, lakini mkurugenzi alisikika hadi kwenye oveni.

"Mmoja," mkuu alisema. "Hapana, si wanne. Wawili wamevimba, mmoja ana kidonda. Ukiwataka hao, wageni nitawaambia nini mmoja akianza kutoka damu?... Msusi pia atakuwepo, akikubali kuangaliwa. Nitamwomba, sitamlazimisha... Hapana, fundi hakatai kazi. Mimi ndiye nakataa. Na asubuhi usinitafute ofisini, nitakuwa kwenye meza ya pili."

Sauti ya upande wa pili iliendelea kwa muda, ikapungua, ikakubali kwa neno fupi.

"Sawa," mkuu alisema, akakata simu. Alichukua kalamu ya fundi, akayakata kwa mstari majina matatu kwenye karatasi yake.