Kadi Safi ya Ate Nida

Waraka ulibandikwa Jumatatu juu ya mashine ya kugonga kadi, mahali ambapo hata mwenye usingizi angeugonga kwa paji la uso. Tuliusoma jioni tukiwa tumesimama kwenye mstari wa kutoka, kila mtu na kadi yake mkononi, na mimi, kama kawaida yangu, ndiye niliyepewa kazi ya kuusoma kwa sauti. Nina sauti ya mtangazaji, wanasema. Nadhani wanamaanisha kelele.

"Kwa wafanyakazi wote," nikaanza, nikibana pua kama Madam Visitacion, meneja wetu. "Mwezi uliopita makontena mawili yaliondoka bandarini Cebu yakiwa yamechelewa. Kila asubuhi Laini ya Nne inapoteza dakika arobaini, na walio kwenye ubao wa kuunganishia wanafanya kazi ya wasiokuwepo, ndiyo maana nyaya zinaunganishwa vibaya. Kwa hiyo, kuanzia tarehe mosi, kuchelewa mara tatu kwa mwezi ni onyo la mdomo. Mara nne, onyo la maandishi. Mara sita, kusimamishwa siku tatu bila malipo. Kadi zitaondolewa na mahali pake patawekwa mashine ya alama za vidole. Kumgongea mwenzako kadi ni udanganyifu, na adhabu yake yaweza kuwa kufukuzwa."

Hapo nilisahau kubana pua.

"Endelea, mtangazaji," akasema Gerlie nyuma yangu. "Umemeza mfupa?"

Nikaendelea. Madam alikuwa ameandika pia habari za msaada. Basi la kiwanda litaongeza kituo kimoja. Mwenye shida nyumbani aende ofisi ya utumishi kabla hajaanza kuchelewa, hatahukumiwa kwa kusema. Wanaouguza wataweza kuomba kuanza kazi saa tatu badala ya saa moja, kwa miezi sita. Nafasi ni nane tu, zitatolewa kwa barua ya daktari na rekodi ya mahudhurio ya miezi mitatu, wenye uhitaji mkubwa kwanza.

Na mwisho kabisa: "Tuige mfano wa Leonida Patalinghug wa Laini ya Nne, ambaye kwa miezi mitatu hajachelewa hata siku moja. Atazawadiwa gunia la mchele."

Laini nzima ikapasuka kwa kicheko. Mtu akapiga ubao kwa koleo. "Ate Nida, hongera! Tukale kwako!"

Ate Nida hakucheka. Tunamwita Ate, yaani dada mkubwa: miaka kumi na mmoja kwenye nyaya za magari, mtu anayeweza kufunga utepe huku anakukaripia na mkono usitetereke. Aliitazama kadi yake. Saa zote zilikuwa zimechapwa kwa wino mweusi, hakuna hata moja nyekundu ya kuchelewa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wino ule mweusi ulikuwa wangu.

Mama yake husafishwa damu hospitalini siku hizo tatu. Kitanda chake ni cha saa kumi na mbili asubuhi. Ate Nida humpeleka, husaini, hukaa naye mpaka shangazi anapomaliza kuuza samaki sokoni na kuja kumpokea. Hapo ndipo yeye hukimbilia kiwandani, na hufika saa mbili na robo. Mpaka afike mimi hushika nafasi mbili ubaoni, yangu na yake, nikiruka huku na huku kama panzi. Hizo ndizo zilizokuwa dakika za Madam zilizopotea, au angalau sehemu yake kubwa.

Jumanne Ate Nida alikwenda ofisi ya utumishi na barua ya daktari. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, na ukuta ule ni mwembamba kama biskuti. Bwana Alquin, ofisa wa hapo, alikuwa mpole, na hilo ndilo lililoumiza.

"Ate, barua yako haina kasoro. Lakini nina waombaji ishirini na mmoja. Kuna mtu hapa amechelewa mara kumi na tisa kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Wewe rekodi yako inaonyesha unamudu. Nikikupa wewe nikamwacha yeye, nitamwambia nini?"

Alitoka na bahasha yake mkononi. "Nimenyimwa kwa sababu mimi ni mwema mno," akasema. Ulikuwa utani wake wa kwanza wiki ile, na sikuweza kuucheka.

Mchana tulikaa kwenye benchi la nyuma, mimi, yeye na Gerlie, tukila wali wa kufungwa kwenye majani na dagaa wakavu. Nikawa nahesabu kwa kusema. Mashine ya vidole ikija, Jumatatu moja, Jumatano mbili, Ijumaa tatu. Ndani ya wiki moja ni onyo. Wiki ya pili kusimamishwa. Baada ya hapo?

"Shangazi asiuze samaki," akasema Gerlie.

"Shangazi asile, basi," akajibu Ate Nida. Akafunga jani lake. "Nong Teban anaandika."

Nong Teban, mzee tunayemwita Nong kwa heshima, ni mlinzi wa getini. Anapekua mifuko, na kila anayeingia baada ya saa moja humwandika kwenye daftari lake, jina na saa, kwa mwandiko wa kuchonga. Ofisi haijawahi kulifungua daftari hilo. Linafunguliwa kitu kikiibwa tu. Mle ndani Ate Nida alikuwa amechelewa kila siku aliyochelewa.

"Ate, usithubutu kuwaambia walifungue," akasema Gerlie. "Ukurasa wako haukai peke yake mle. Mimi nimo. Nusu ya laini imo."

"Wewe nani anakugongea?"

"Si juu yako! Mimi mama yangu ni mzima, nina usingizi tu. Lakini kazi naitaka." Akanigeukia. "Rexon, mwambie! Wewe ndiye utakayechinjwa wa kwanza."

Nilitafuta mzaha. Huwa ninao akiba, kama sigara nyuma ya sikio. Nilichopata ni hiki: "Ate, tusubiri kidogo, labda mashine itaharibika."

"Na kitanda cha mama kitasubiri? Wenye kukingoja wako arobaini." Akasimama. "Jina lako silitaji."

Akaenda kwa Madam. Nilibaki pale muda wa kumaliza dagaa mmoja. Nikamfuata. Nisikudanganye kwamba ni ushujaa. Ningejulikana tu, nani mwingine alishika nafasi yake?

Madam Visitacion alitusikiliza bila kukatiza. Kisha akamtuma Alquin alete daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akitelezesha rula chini ya kila jina, na kwa kila jina akachomoa kadi. Lundo likawa linakua.

"Mnajua nimefanya nini miezi mitatu hii?" akasema mwishowe. "Kadi zinasema ni wachache tu wanaochelewa. Kazi haiendi. Nimemwandikia mkuu wa laini yenu makaripio mawili. Nimemwambia watu wake ni wavivu." Akaweka rula chini. "Ungekuja kwangu siku ya kwanza, Nida."

"Siku ya kwanza, Madam, hakukuwa na nafasi ya saa tatu."

Madam akalifunga daftari.

Watu kumi na mmoja tulipewa barua za kujieleza, siku tano za kuzijibu, kisha kikao mmoja mmoja. Mimi nilisimamishwa siku kumi na tano na kupewa onyo la mwisho. Ate Nida alisimamishwa siku saba, mchele akafutiwa, na akapewa nafasi ya saa tatu, ya nane katika nane. Gerlie alikuwa na kosa la namna hiyo la mwaka juzi kwenye faili. Gerlie akafukuzwa.

Niliporudi nilikuta kwenye kiti chake amekaa msichana mpya asiyejua mizaha yangu hata mmoja. Wengine wanaijua, lakini hawaitaki. Niliposema neno asubuhi ile, koleo ziliendelea kulia tu.

Saa tatu kasoro dakika mbili Ate Nida aliweka kidole kwenye mashine, ikamwitikia. Akapita nyuma ya ubao mzima, mtu mmoja mmoja. "Habari za asubuhi." Aliyekuwa akifunga utepe aliendelea kufunga. "Habari za asubuhi." Mwingine akainamia kisanduku cha viunganishi. Alisalimia wote kumi na wanne, hakuruka hata mmoja, mpaka akanifikia.

"Nzuri, Ate," nikasema. "Mama je?"

"Ameshapandishwa kitandani," akasema, akavuta kiti chake.