Mchungaji wa Lameck

Madaktari wa kigeni walikuwa wamepiga hema nyuma ya zahanati, huku milimani Kibakwe, na mimi nilikuwa kwenye foleni kwa ajili ya macho yangu. Mbele yangu alikaa Lameck, Mgogo mrefu mwenye koti la mvua wakati hakuna hata wingu. Tulikuwa tumeshasalimiana na kulalamikia bei ya mahindi. Jina lake likaitwa, akaenda kukaa mezani, hatua chache tu kutoka benchi letu.

Daktari alikuwa mzee wa Kizungu, mpole. Mkalimani wake aliitwa Castory, mwanafunzi wa chuo pale Dodoma mjini.

"Shikamoo mzee. Unaumwa nini?"

"Marahaba. Siyo mimi, ni mwanangu. Yuko nyumbani, hawezi kutembea. Jana alikuwa machungani, akarudi amejikunja. Tumbo, huku chini, upande mmoja. Anatapika. Akisimama anaona kizunguzungu. Hata bega linamuuma, sijui alilala vibaya."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

Castory akageuza yote kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuokoteza migodini na kwenye malori, lakini "he" naijua. Castory alisema "he" tangu mwanzo hadi mwisho. Wala haikunishtua. Mtoto wa miaka kumi na saba, yuko machungani na ng'ombe, ni nani kama si mvulana? Na mimi kichwani nilishamwona, ana fimbo begani.

Daktari akaandika. Bega alilipita, akasema labda ni kubeba mizigo. Halafu akauliza jambo, na Castory akakohoa kwanza.

"Samahani mzee, ni mambo ya kitabibu. Daktari anauliza, korodani zake zimevimba?"

Lameck akamtazama. "Za nani?"

"Za mwanao."

Lameck akasimama, kiti kikaanguka. Alisema polepole, na hiyo ilitisha kuliko kelele.

"Wewe kijana. Nimekuja hapa kumwombea binti yangu dawa, unanitukania mtoto mbele za watu?"

Bibi Dorkasi, jirani yake Lameck, akadakia kutoka benchi letu. "Mjukuu wangu, huyu hana mtoto wa kiume. Ana mabinti watupu. Ng'ombe wake wachungwe na nani?"

"Alisema machungani," Castory akamwambia bibi, kama vile bibi ndiye hakimu. "Nikajua ni wa kiume."

"Ungeuliza."

"Nani amempa mwanangu uanaume?" Lameck akasema. "Ulimwona wapi?"

Castory akamgeukia daktari, akasema neno moja tu: "She."

Nimeona watu wakishtuka katika maisha yangu. Nimeona mgodi ukifunga mdomo na watu wamo ndani. Lakini si kama yule daktari alivyoweka kalamu chini. Akarudia mwenyewe, kidole kwa kidole: tumbo la chini, kizunguzungu, bega. Kisha akaita dereva kabla hata hajamaliza kusimama.

"Anasemaje?" Lameck akauliza.

Castory sasa alichagua maneno kama anayevuka mto wa mawe. "Anasema kwa msichana wa umri huo, inawezekana mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na imepasuka. Damu inamwagika ndani ya tumbo, ndiyo maana bega linauma. Si ya kungoja kesho, mzee. Twende sasa hivi."

"Mimba?" Lameck akasema. "Emilia hajaolewa."

Walimwingiza garini, na bibi Dorkasi akanisukuma nami nipande, maana barabara ile ina mchanga na wasukumaji walikuwa wachache.

Tulimkuta binti amelala kwenye ngozi kando ya ukuta wa nyumba yao ya tembe, mama yake anampepea. Midomo imepauka, jasho la baridi. Daktari alimgusa tumbo mara moja tu. Njia nzima hadi hospitali ya wilaya Lameck alikuwa anarudia, "Ya nani? Ya nani?" na Castory, aliyeshika kichwa cha Emilia mapajani, alikuwa anamfuta jasho.

Walimpasua jioni ile. Damu waliyoikuta tumboni, alisema muuguzi, ingemmaliza kabla ya asubuhi. Castory aliposikia hivyo alikaa chini sakafuni, palepale koridoni, watu wakawa wanamruka.

Baadaye muuguzi akatoka tena. Binti amezinduka, anaomba maji.

Nilingoja Lameck arudie swali lake. Alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga.

"Nimpelekee mimi?" akauliza.

"Asinywe kwanza, baba. Lakini nenda ukakae naye."

Akavua lile koti, akaniachia mimi, akaingia.