Mita Mia Mbili Umempa Nani?

Mama alikuwa amefundisha hesabu darasa la sita mpaka nywele zikawa nyeupe pe, na sasa alikuwa hamjui hata binti yake kitinda mimba aliyekuwa akimvalisha viatu. Kutwa alitaka kutoka. Alisema anachelewa kengele. Mara mbili majirani walimrudisha wakiwa wamemshika mkono, na mara ya pili alikutwa ukingoni mwa kinamasi nyuma ya kiwanja chao. Ndipo kitinda mimba akamwita fundi wa uzio.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi na mwenye moyo mzuri, tuseme ukweli. Tatizo ni kwamba kiwanja hakikupimika. Upande wa barabara ulikuwa mita ishirini, hilo halina ubishi, lakini ubavuni na nyuma kulikuwa na kichaka cha miiba ambacho hata mbuzi angekikataa. Hati ya kiwanja ilikuwa imeloa mvua, michoro yote imefutika, ikabaki mistari miwili: mbele mita ishirini, eneo mita za mraba mia sita. Na wavu ulipaswa kuagizwa kabla ya kufyeka, kwa sababu lori lililokuwa likileta mabunda ya wavu lilipita mara moja tu kwa wiki.

Fundi hakuhangaika. Viwanja vyote alivyozungushia uzio mtaa ule vilikuwa na pande sawa, akasema, kwa hiyo ishirini mara nne, themanini. Mabunda manne ya mita ishirini, kazi imekwisha.

"Ishirini kwa ishirini ni mia nne," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Hati inasema mia sita. Mita mia mbili umempa nani?"

Fundi akacheka. Mama hakucheka. Akaanza kuandika hewani kwa kidole, kama ubao uko mbele yake.

"Eneo gawanya kwa upande unaoujua. Mia sita kwa ishirini, thelathini. Huo ndio upande wa pili. Jumlisha, hamsini. Pande ziko mbili mbili, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Mia moja."

Kitinda mimba aliona aibu. Asubuhi ile ile mama alikuwa amejaribu kunywa chai kwa uma. Mtu wa namna hiyo utamsikilizaje mbele ya fundi? Akamwambia taratibu anyamaze, apumzike, wanaojua kazi yao waachwe wafanye. Mama akakunja kidole, akatii kama mtoto aliyekaripiwa. Yakaagizwa mabunda manne.

Kichaka kilipofyekwa, jiwe la mpaka lilionekana mbali kuliko walivyodhani. Fundi alifunga mbele, ubavu wa kushoto wote mita thelathini, nyuma ishirini, na alipogeuka kurudi barabarani kwa ubavu wa kulia, wavu ukamwishia mkononi baada ya mita kumi. Palibaki wazi mita ishirini. Alijikuna kichwa, akaomba radhi, akasema bunda la tano litakuja na lori lijalo. Kwa muda ule walivuta kamba mbili kutoka nguzo hadi nguzo.

Kamba haimzuii mwalimu anayechelewa kengele. Siku mbili kabla ya lori, mchana kweupe, kitinda mimba alikuwa anaanika shuka, na alipotazama kiti kilikuwa kitupu. Alikimbia huku akiita mpaka sauti ikakauka. Walimpata jioni katikati ya matete, maji yakimfika kiunoni, midomo imekuwa ya bluu, bado anawahimiza watoto wasiokuwepo wapange mstari.

Homa haikumwacha. Daktari aliyeitwa nyumbani alisikiliza kifua chake, akamvuta binti pembeni, akamwambia mapafu yamejaa na kwa umri ule awaite ndugu zake. Nje fundi alikuwa anagongomelea bunda la tano. Lilifika nguzo ya mwisho sawasawa, halikuzidi wala halikupungua, na kila pigo la nyundo binti alilisikia kifuani mwake.

Alipiga magoti kando ya kitanda. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

"Ulisema mia, mama. Ulisema kweli, mimi nikakunyamazisha. Nisamehe."

Mama alifumbua macho, akamtazama kwa upole wa mtu anayemtazama mgeni. Akanyanyua mkono, akamfuta machozi.

"Usilie, binti," akasema. "Kesho mwambie mama yako aje shuleni. Nitamweleza mwenyewe kwamba huna kosa."