Shira Isiyonata

Sahani ilirudi na gulabjamu nne, vidonge vitamu vya maziwa vya kulowekwa kwenye shira ya sukari, kila moja imekatwa katikati kwa kisu. Aliyeirudisha, mwenye ukumbi wa harusi wa mtaa wa pili, hakupiga kelele. Aliiweka juu ya kioo cha kaunta, akaisogeza taratibu mpaka ikamfikia Fundi, mpishi na mwenye duka.

"Angalia mwenyewe."

Fundi akaangalia. Kwa nje zilikuwa na rangi ya kahawia, labda imekolea kidogo kuliko inavyotakiwa. Ndani, katikati kabisa, kila moja ilikuwa na doa jeupe, gumu kama chaki, ambalo shira haikulifikia. Moja ilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Shira yenyewe ilikuwa imetapakaa kwenye sahani kama maji ya kusuuzia vyombo.

"Hizi si zangu," alisema.

"Zimetoka kwenye ndoo yenye jina la duka lako, nikaifungua mimi. Wageni wamezitema, Fundi. Mama wa bwana harusi ameniuliza kama nimewapa mipira ya watoto." Mwenye ukumbi akafuta vidole vyake kwa leso. "Jumamosi nina harusi nyingine. Sitaki kukukimbia, lakini usinipe sababu."

Alipoondoka, Fundi alibaki ameinama juu ya sahani. Hakuwa mtu wa kuhamaki. Alikuwa mtu wa kutafuta chanzo. Tangu ujana wake alijua kwamba gulabjamu haziharibiki hivi hivi tu. Zikipasuka, mawa, yaani maziwa yaliyochemshwa kwa saa nyingi na kukorogwa mpaka yakabaki donge, hayakukandwa yakalainika, au donge limekauka, au bekingi soda imezidi. Kiini kikiwa kigumu, samli ilikuwa kali mno: ngozi imeiva kabla moto haujafika ndani. Shira ikiwa nyepesi, imeipuliwa mapema. Kila kosa lina mlango wake, na milango yote mitatu alikuwa akiilinda kwa mikono yake mwenyewe. Mawa aliyapima kwa kuyasugua kwa kiganja. Samli aliipima kwa kuweka mkono juu ya karai. Shira aliipima kwa kidole gumba na cha shahada. Kipimajoto alichonunuliwa na binti yake kilikuwa bado kwenye droo, ndani ya karatasi yake.

Yeye hakuwa amebadilisha kitu. Basi kilichobadilika kilitoka nje, na kutoka nje kiliingia kitu kimoja tu cha maana: mawa.

Mawa aliletewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe. Mkewe alipofariki, ni huyu shemeji aliyemlea binti yake mpaka akasimama. Alikuja asubuhi iliyofuata kama kawaida yake, beseni kichwani, maneno yakimtangulia mlangoni.

"Shemeji! Mbona umenuna kama umeambiwa unaozeshwa tena?"

"Umetia nini kwenye mawa?"

"Nimetia jasho. Kwani?"

"Umetia unga. Wanga. Kitu cha kuongeza uzito."

Wateja wawili waliokuwa kaunta wakageuka. Binti yake, ambaye alikuwa akipanga maboksi, akasimama na boksi mkononi. "Baba."

"Nataka anijibu."

Shemeji alitua beseni sakafuni polepole. Utani ukamtoka usoni. "Rudia."

"Gulabjamu zinapasuka. Kiini kinabaki kigumu. Mimi sijabadilisha kitu."

"Kwa hiyo mwizi ni mimi."

Binti hakumngoja baba yake ajibu. Alikwenda kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akarudi na kichupa cha iodini. Akamega kipande cha mawa, akakiweka kwenye kisahani, akakidondoshea tone. Kama kungekuwa na wanga, tone lingegeuka bluu iliyokaribia weusi. Wote watatu, na wateja wao wawili, walikodolea macho kisahani. Tone likabaki na rangi yake ya kahawia.

"Maziwa matupu," alisema binti. "Mama mdogo hajatia kitu."

"Kuna njia nyingi za kuharibu mawa," alisema Fundi, na hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa hayana mahali pa kusimama.

Shemeji akainama akafunika beseni kwa kitambaa chake. "Haya ya leo nakuachia. Ya kesho usiyangoje, wala mimi usiningoje. Nimekupikia, nimekuoshea, nimekulelea mtoto. Leo umeniita mwizi mbele za watu." Akamgeukia binti. "Wewe nyumbani unakujua. Njoo wakati wowote."

Akatoka bila kuaga.

Fundi akaingia jikoni. Alikusudia kuthibitisha. Angepika kwa mawa yaleyale, kwa uangalifu wote aliokuwa nao, na matokeo yangesema. Alikwaruza mawa, akayasugua ubaoni kwa kiganja mpaka akaridhika kwamba chembe zimekwisha. Akatia unga wa ngano kidogo wa kushikilia, bekingi soda kiasi cha kubana kwa vidole, matone ya maziwa, akaunganisha bila kukandakanda sana. Akafunika donge kwa kitambaa chenye unyevu ili lisikauke. Akaviringa vidonge.

Binti alichukua kidonge kimoja, akakizungusha kiganjani. Akakunja uso.

"Baba, bado kuna chembe."

"Hakuna."

"Zipo. Nazisikia. Kama mchanga."

Fundi alichukua kidonge kilekile, akakisugua kwa kidole gumba. Kilikuwa laini. Aliona wazi kwamba kilikuwa laini. "Wewe umeshika makaratasi asubuhi nzima," alisema. "Vidole vyako vimekauka."

Akawasha jiko. Akainua mkono juu ya samli, akangoja joto limpande kiganjani kama alivyongoja maisha yake yote. Halikupanda. Akaongeza moto. Akangoja tena.

"Imeshakuwa kali, Baba. Mimi naisikia mpaka huku."

"Kaa kando."

Akatumbukiza vidonge. Badala ya kuzama kwanza na kupanda polepole, vililipuka mapovu mara moja na kuanza kubadilika rangi. Fundi alikoroga samli kwa mwiko wa matundu ili vizunguke viive sawasawa, na kwa mkono wa kushoto alishika sikio la karai lisitikisike. Kidonge kimoja kikapasuka. Kisha kingine. Akaviangalia kwa hasira, akihesabu makosa ya shemeji yake moja baada ya jingine.

Halafu akasikia harufu. Si ya samli, wala ya maziwa. Ilikuwa harufu ya nyama.

"Nani ameweka nyama jikoni kwangu?" aliuliza.

Binti akageuka kutazama jiko. Alipiga ukelele ambao Fundi hakuwahi kuusikia tangu binti huyo alipokuwa mtoto. "Mkono! Baba, mkono!"

Fundi akatazama chini. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimekumbata sikio la karai, chuma kitupu. Kitambaa cha kushikia kilikuwa kimening'inia kwenye msumari wake ukutani. Chini ya vidole palikuwa panatoka moshi mwembamba.

Binti alimvuta. Ngozi ikabaki kwenye chuma.

Alisimama akiangalia kiganja chake: chekundu, cheupe, kimekunjamana pembeni. Akangoja maumivu, kama unavyomngoja mtu aliyesema yuko njiani. Binti alikuwa amefungua bomba, anamtia mkono kwenye maji, analia, anamuuliza kama inauma. Fundi alitaka kumjibu kweli, kwa hiyo alisikiliza kwa makini.

"Hapana," alisema. Akakaa sakafuni.

Kwenye zahanati, baada ya kumfunga bendeji, muuguzi alimwambia avue viatu. Fundi akasema tatizo ni mkono. Muuguzi akasema avue tu. Kutoka kwenye kiatu cha kulia kikaanguka kipande cha kigae cha kikombe. Kwenye wayo palikuwa na kidonda ambacho hakuwahi kukiona. Kikombe chenyewe alikikumbuka: kilivunjika wiki nzima iliyopita.

"Fumba macho," alisema muuguzi. "Nitakugusa kwa uzi huu mwembamba. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Fundi akafumba. Akangoja kwa subira. Alisikia kiti cha binti yake kikilia, na mtu akikohoa kwenye korido.

"Anza basi," alisema.

Kalamu ya muuguzi ilikwaruza karatasi.

"Nimeshamaliza, mzee. Miguu na vidole vya mikono pia."

Alipofumbua macho alimwona binti yake ameziba mdomo kwa mikono miwili. Muuguzi alieleza bila kuzunguka: kisukari, na si cha jana. Damu imekaa na sukari nyingi miaka mingi, mishipa ya fahamu imekufa kidogo kidogo, kwanza miguuni, sasa mikononi. Dawa ingezuia madhara yasizidi. Kilichokwisha kupotea, asikitegemee.

Fundi aliviangalia vidole vyake vya kulia, vile vizima. Akasugua kidole gumba na cha shahada, kama anayepima shira. Chembe kwenye mawa. Joto la samli. Mnato. Milango mitatu, na mlinzi wa yote mitatu alikuwa amekwisha kufa bila kumwambia mtu.

Hakutaka kupitia nyumbani. Alimkuta shemeji yake uani kwake, anakoroga maziwa kwenye sufuria pana. Shemeji hakumtazama.

"Mawa yako hayana kosa," alisema Fundi. "Nimekusingizia. Nitawaambia hata wale wateja."

"Umejuaje?"

Akamwonyesha bendeji. Akamweleza yote kwa mpangilio, bila kujihurumia. Mwiko wa shemeji ukasimama, na maziwa yakaanza kushika chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona likitokea kwake.

"Yanaungua," alisema Fundi.

"Yaache yaungue!" Alikuwa analia. "Mjinga wewe. Mjinga kabisa. Kigae ndani ya kiatu?"

Ijumaa walikuwa watatu jikoni. Fundi alikaa kwenye kiti, mbali na jiko. Kipimajoto alikitoa mwenyewe kwenye droo na kukichana karatasi. Shemeji alisugua mawa, na Fundi akamkataza kuacha mpaka binti alipopitisha kidole na kusema hakuna mchanga tena. Vidonge vikaviringwa bila ufa hata mmoja. Samli ilipofika joto la wastani, vilizama, vikakaa, vikapanda taratibu vikizunguka.

"Shira," Fundi alimwambia binti yake. "Bana kwa vidole. Inakuwaje?"

"Inateleza."

"Iache ichemke. Sasa?"

"Inanata."

"Tenganisha vidole. Kuna uzi?"

"Unaanza, unakatika."

"Ipua hapo hapo. Ukiuacha uzi uvute, shira haitaingia. Ingoje ipoe kidogo, isiwe inachemka, halafu tia gulabjamu zikiwa bado za moto."

Zilipokwisha kulala kwenye shira na kuvimba, binti alimwekea baba yake bakuli mkononi, ule mzima, lenye gulabjamu moja. Shemeji akaikata kwa kijiko. Ndani ilikuwa rangi moja mpaka katikati, yenye vitundu vidogo, na shira ilitoka polepole, nzito. Akaonja nusu. Fundi hakuonja.

"Haina kiini," alisema shemeji. "Yote laini. Jumamosi wapelekee bila wasiwasi."

"Ni ya moto au imeshapoa?" aliuliza Fundi.

"Ya moto bado."

Akatikisa kichwa kukubali. Bakuli alikuwa amelishika yeye muda wote.