Picha kutoka Kisima cha Kingerikiti

Duka la Nurdini lilikuwa mjini Mbinga, karibu na stendi, na lilijulikana kwa pampu za maji na mabomba. Nurdini mwenyewe aliuza; aliyejua kilichokuwa ndani ya maboksi ni Gaudiosa, fundi aliyesomea maji chuoni na kuzunguka vijiji vingi vya Mbinga na Nyasa kabla ya kukubali kukaa dukani. Siku hizi wateja wengi hawakuja wenyewe. Walituma picha kwenye simu ya duka, na Gaudiosa aliitazama picha na kusema hii ni pampu ya aina gani, inataka kipuri gani.

Asubuhi ile alikuwa amekwisha kumjibu Sista Restituta wa Kitai, aliyetuma picha ya pampu ya mkono iliyolegea. Hiyo haikuhitaji kufikiri. Mpini mrefu ulionekana, na kichwa cha chuma juu ya sakafu ya zege, na mdomo ambapo ndoo hukingwa. Akamwambia afungue kifuniko cha kichwa, atazame mnyororo.

Ujumbe wa pili uliingia wakati Nurdini anapiga hesabu na dereva wa basi kuhusu mzigo. Ulitoka kwa Steven, katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa huko Kingerikiti. Ilikuwa msimu wa mavuno, kiangazi kimekaza, na mtambo wa kumenya kahawa mbivu ulitaka maji mengi kila siku.

Nurdini aliusoma kwa sauti. "Pampu yetu ya kuzama imezimika ikiwa kisimani. Angalieni picha mtuambie kama spea zake mnazo. Joakim anashuka kuifungua."

"Pampu za kuzama tuna vipuri vyake," Nurdini alisema. "Nikifunga sasa hivi, basi la Mbamba Bay litawafikishia."

"Ngoja niione kwanza, Mzee."

Picha ilikuwa imepigwa kutoka mdomoni mwa kisima, simu imeelekezwa chini, taa yake ikiwaka. Pete za zege zilishuka moja baada ya nyingine kuingia gizani. Mbali kule chini, mbao mbili zilikuwa zimelazwa kukatiza kisima, na juu ya mbao kulikuwa na kitu chekundu.

Jambo la kwanza Gaudiosa alilotafuta ni waya. Pampu ya kuzama hukaa ndani ya maji pamoja na mota yake, haionekani. Ukichungulia unaona bomba na waya wa umeme vikishuka pamoja, na kamba ya kuishikilia. Hapa hapakuwa na waya wowote. Na kitu chenyewe kilikuwa juu ya maji, kikavu; akaogopa isije ikawa ni ya injini.

Akaikuza picha. Kulikuwa na umbo la duara lenye boliti pembezoni, na kwa kitambo kidogo moyo wake ulipata tumaini. Pampu ya kiwambo huwa hivyo: sahani mbili zimekazwa kwa boliti, katikati yake mpira unaovuta na kusukuma. Aliwahi kuziona kwenye machimbo ya makaa, zikinyonya maji ya tope, nyingine zikiendeshwa kwa upepo wa kompresa. Kama ni hiyo ya upepo, basi inatoa hewa safi humo kisimani, na aliyeshuka hana shida.

Akaikuza tena. Duara lile lilikuwa na kishikio cha kamba. Ni kifuniko cha kamba ya kuwashia injini. Pembeni ya injini akaona tumbo la pampu lililojikunja kama konokono; mpira mnene wenye mikunjo uliingia katikati ya uso wake ukitokea majini, na mpira wa bapa, wa buluu, ukatoka juu yake kupanda kuelekea nje. Ukutani, mkabala na bomba la moshi, zege lilikuwa jeusi kwa masizi.

"Hii si ya kuzama," alisema. Sauti yake ilibadilika hata Nurdini akaacha karatasi zake. "Hii ni sentrifugali, ya kuvuta maji kwa injini ya petroli. Wameiteremsha kisimani."

"Kwa nini waiteremshe?"

"Maji yameshuka. Pampu hii haivuti maji yaliyo chini yake zaidi ya mita saba hivi, hata uifanyeje. Wakaifuata chini." Alikuwa tayari anapiga simu. "Imezimika kwa sababu hewa imekwisha humo. Mzee, kisima kimejaa moshi wa injini. Yule kijana anashuka kwenye sumu."

Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Steven alipopokea, nyuma yake zilisikika kelele za watu.

"Bwana Steven, ni Gaudiosa wa dukani. Joakim yuko wapi?"

"Ameshafika chini. Tunamwita haitiki. Amekaa tu, kichwa kimelala. Tulidhani kachoka."

"Amefungwa kamba?"

"Hapana. Alishuka kwa kuikalia kamba, akafika kwenye mbao akaiachia."

Gaudiosa alifumba macho, akayafumbua. "Asishuke mtu mwingine. Unanisikia? Mtu yeyote. Injini imeacha sumu humo, haionekani. Anayeingia analala kama alivyolala yeye."

"Bernadi amekwisha vua viatu," Steven alisema. "Ndugu yake. Anasema anashuka."

"Weka spika niongee naye."

Sauti ya kijana ilikuja karibu, ikihema. "Fundi, usinipotezee muda. Namwona hapa. Nikishuka namshika, wananivuta."

"Hutafika kumshika, Bernadi. Utalegea kabla hujamfunga kamba."

"Nitazuia pumzi!"

"Huwezi kuzuia pumzi huku unabeba mtu."

"Huyo ni ndugu yangu! Tumbo moja!"

"Najua. Ukishuka, mama yenu atazika wawili." Alitamani arudishe maneno hayo, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka, na hakuona mengine yanayofaa. "Bwana Steven, mshikeni. Mshikeni kwa nguvu hata akiwapiga. Mna kulabu ya kuopolea ndoo?"

"Ipo."

"Ifungeni kwenye kamba ndefu. Jaribuni kumnasa kwenye mkanda au ovaroli. Laleni kifudifudi kando, msiingize vichwa ndani ya kisima. Na mmoja akimbilie zahanati."

Nurdini alikuwa amekwisha kuwapigia zimamoto kuomba watu wenye mitungi ya hewa, akaambiwa wanakuja lakini njia ni ndefu. Akafunga duka bila kurudisha bidhaa zilizokuwa nje. Wakaingia kwenye pikapu. Njia nzima ya milimani Gaudiosa alishikilia simu sikioni. Alisikia kulabu ikigonga zege. Alisikia Bernadi akitukana wote waliomshika, akitaja majina yao mmoja mmoja, kisha akilia. Alisikia mtu akisema kulabu imenasa, na mwingine akisema polepole, polepole. Halafu mtandao ukakatika kwenye kona, na hakusikia tena kitu.

Walipofika, Joakim alikuwa amelazwa kwenye nyasi kando ya mtambo, matabibu wawili wa zahanati wamepiga magoti pembeni yake. Mmoja bado alikuwa anakandamiza kifua. Mwenzake akamgusa bega, naye akaacha.

Kahawa iliyokuwa imemwagwa kwenye beseni la mtambo ilikaa pale bila kumenywa, ikaanza kuchacha. Hakuna aliyeikumbuka.

Zimamoto walipowasili, wao ndio walioshuka, na mitungi mgongoni, wakaitoa pampu. Mkuu wao alisema maneno yale yale aliyosema Gaudiosa: kuwa pale chini mtu wa pili asingerudi. Aliyasema mbele ya watu wote. Bernadi alisikia, akageuka akaondoka kuelekea migombani.

Walimzika Joakim kesho yake nyumbani kwao, kwenye mteremko chini ya shamba la kahawa, baada ya misa. Gaudiosa alihudhuria. Hakujua kama anatakiwa kuwapo, lakini aliona kutokwenda kungekuwa kujificha. Nurdini alikwenda naye, akasimama na wanaume nyuma, kofia yake kichwani, mikono imefumbatwa.

Mama wa marehemu, Ottilia, aliketi mkekani kati ya wanawake. Gaudiosa akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama. Pole."

"Marahaba." Mama akamtazama kwa muda. "Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiyo, mama."

Ottilia akamshika mkono, hakuuachia mpaka wimbo wa waombolezaji ulipokwisha.

Bernadi alimjia baadaye, watu wakiwa wanapewa chakula. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nimekaa nakuchukia tangu jana," alisema.

"Naelewa."

"Labda alikuwa hai bado. Labda wakati ule ule unaniongelesha alikuwa hai."

"Labda," Gaudiosa alisema. "Sitakudanganya kwamba najua."

Bernadi akanyoosha mkono. "Nionyeshe hiyo picha. Nataka kuona uliona nini ambacho sisi hatukukiona."

Alisita, lakini alimpa simu. Wakasimama karibu, kichwa kwa kichwa. Akamwonyesha mpira mnene unaoingia katikati, na mpira bapa unaotoka juu. Akamwonyesha kamba ya kuwashia. Akamwambia kwamba pampu ya kuzama ingekuwa na waya, na mota yake haina moshi, ndiyo maana hukaa chini bila kudhuru hewa. Bernadi alifuata kila kitu kwa kidole. Alipofika kwenye masizi ukutani, kidole kilisimama.

"Mbao hizo tulizipigilia sisi wawili," alisema. "Mwaka jana pampu ilikaa juu, kwenye nyasi. Maji yalipopungua tukaishusha kidogo. Yakapungua tena, tukaishusha tena. Kwa kuwa imezama kisimani, tukawa tunaiita ya kuzama. Hakuna aliyetudanganya. Tuliipa jina hilo wenyewe."

Bernadi akamrudishia Gaudiosa simu.

Kikundi hakikuitumia pampu ile tena. Waliufunika mdomo wa kisima kwa zege wakafunga pampu ya mkono, na msimu huo kahawa waliipeleka kumenywa kijiji cha jirani, penye mto.

Mvua zilipokaribia, ilifika dukani picha kutoka upande wa Litumbandyosi, bustani ya nyanya: mbao mbili, kitu chekundu, mpira mnene na mpira bapa. Gaudiosa aliwapigia papo hapo akawakataza wasiiwashe wala kuifuata. Walikubali kwa mdomo tu. Alisikia kwenye sauti zao kwamba wanamwona fundi wa mjini anayetaka kuuza pampu mpya. Akampigia Bernadi, akamweleza.

Bernadi alikwenda kwa pikipiki. Wenye bustani wakamwuliza yeye ni fundi wa wapi.

"Mimi si fundi," alisema. Akakaa kwenye ukingo wa kisima chao, akawasimulia habari za Joakim, tangu siku ya kwanza walipoishusha pampu hadi siku ya maziko. Alipomaliza walileta kamba, na wote kwa pamoja, bila mtu kuingia ndani, wakaivuta pampu kutoka kisimani mpaka juu.