Elfu Sita na Mia Tano za Muhula wa Kwanza

Mimi si mtu wa kukosea hesabu. Nasema hili mapema ili mjue nimeanguka kutoka juu kiasi gani. Miaka kumi na moja nimekaa katika ofisi ya uhasibu ya shule yetu, hapa nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, na daftari la karo halijashikwa na mkono mwingine ila wangu. Kompyuta tunayo. Nimeifunika kitambaa kizuri cha kudarizi, na juu ya kitambaa naweka birika la chai.

Daftari lenyewe si uchawi. Kila mtoto ana ukurasa wake. Juu kabisa naandika baki lililotoka muhula uliopita, chini yake karo ya muhula mpya, kisha malipo yanashuka moja moja, kila moja na tarehe yake na namba ya risiti. Safu ya mwisho upande wa kulia ni deni lililobaki. Wazazi wetu wengi ni watu wa maduka, hawalipi kwa mkupuo. Wiki ikiwa nzuri huleta elfu tatu, ikiwa mbaya huleta elfu moja na maneno mengi. Ukurasa ukijaa nafungua mwingine na kulihamisha baki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nilikuwa nikiwaambia walimu msemo huo kila walipokuja kuniuliza mishahara, kama kwamba niliutunga mimi.

Sasa, muhula wa tatu ulipofungua, mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Mutunga, alitoa amri. Karo ya muhula mpya mzazi alipe polepole mpaka tufunge, hana neno. Lakini deni lililovuka kutoka muhula wa pili liwe limelipwa kufikia wiki ya tatu, la sivyo mtoto akae nyumbani. Orodha niliiandika mimi. Jina la tatu lilikuwa la Lubaba, msichana wa Gredi ya Tisa, mjukuu wa Mzee Abdeali mwenye duka la misumari, makufuli na bawaba. Deni lake, elfu sita na mia tano.

Jumatatu asubuhi Lubaba alirudishwa nyumbani. Alipita mbele ya dirisha langu na begi lake, hakulia, alinitazama tu. Wiki ile ndiyo Gredi ya Tisa walikuwa wakimaliza kazi ya mradi, ile ambayo alama zake hupelekwa baraza la mitihani, na mwisho wa kuikabidhi ulikuwa Alhamisi. Iliniuma, msidhani mimi ni jiwe. Lakini deni ni deni.

Haikupita nusu saa babu yake akaingia, kanzu nyeupe na kofia yake ya ukingo wa dhahabu, akihema.

"Salaam aleikum, Bi Jawahir. Umeamkaje?"

"Aleikum salaam, Mzee Abdeali. Alhamdulillahi. Za dukani?"

"Za dukani njema. Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, twashukuru. Mkeo Bi Amtulla na lile goti lake?"

"Lina nafuu. Mbona umemfukuza mjukuu wangu?"

Tulikwenda hivyo, adabu mbele na ugomvi nyuma yake. Yeye akasema karo ya muhula wa pili ameilipa yote, haikubaki senti. Mimi nikasema daftari halisemi hivyo. Yeye akasema basi daftari lisome tena. Mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia daftari hili halijawahi kukosea tangu nilishike, na kama ni macho, basi anunue miwani mipya.

Mwalimu Mutunga alitusikia toka ofisini kwake. Ni mtu mwema, hapendi kelele. Akaja akamshika mzee bega, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba shule ina mfuko mdogo wa kuwasaidia wazazi waliokwama, wanaweza kuzitoa zile elfu sita na mia tano humo, mtoto arudi darasani leo leo, na hakuna mtu atakayejua.

Mzee Abdeali alinyooka. "Mwalimu, ahsante. Huo mfuko ni wa mayatima na waliofiwa. Mimi nina duka. Nikiwa nadaiwa nitalipa, na kama sidaiwi sitaki nipewe sadaka kwa deni nisilokuwa nalo."

"Basi Lubaba atakaa nyumbani," nikasema.

"Atakaa leo. Kesho nakuja na vitabu vyangu."

Usiku ule nililala vizuri tu, nikijua haki iko kwangu.

Jumanne alikuja kweli, na vitabu viwili vyembamba vyekundu chini ya kwapa. Viwili, kwa sababu jamaa zake wenye maduka, mwaka mpya wa Kiislamu ukiingia, Muharram, hufunga kitabu cha zamani na kufungua kipya, na muhula wetu wa pili ulikuwa umekaa huku na huku. Tena tarehe zote ameandika za Kiislamu, kwa kalenda ya jamaa zake, ambayo huhesabiwa bila kungoja mwezi uandame.

"Soma," nikamwambia. "Mimi nitatia alama."

"Tarehe kumi na saba Dhulhija, elfu mbili, shule."

Nikaitafuta elfu mbili hiyo daftarini, kisha siku yake katika kalenda ya ukutani. "Kumi na saba? Kwangu siku hiyo ilikuwa kumi na tano."

"Kwetu ilikuwa kumi na saba."

"Mwezi wenu una haraka."

"Wenu unachelewa," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo. Nami nikacheka, maana mabishano hayo ni ya zamani kuliko sisi wawili na hakuna aliyewahi kuyashinda.

Basi tukaenda hivyo, yeye na Dhulhija yake, mimi na Juni yangu, tukipunguza siku mbili hapa na moja pale. Yeye anasoma, mimi naweka alama ya penseli. Chai ilipoa. Malipo yalikuwa kumi na moja, kutoka elfu moja mpaka elfu tatu na mia tano, na wallahi yote kumi na moja yalikuwamo katika daftari langu, hata shilingi haikupotea. Jumla kwake elfu ishirini na nne na mia tano. Jumla kwangu elfu ishirini na nne na mia tano.

Nilijiona bingwa. "Unaona, Mzee? Hakuna lako lililopotea. Ulilipa elfu ishirini na nne na mia tano. Na ulitakiwa ulipe elfu thelathini na moja. Tazama hapa juu. Baki la muhula wa kwanza, elfu sita na mia tano. Chini yake muhula wa pili, elfu ishirini na nne na mia tano. Jumlisha mwenyewe."

Akasogeza daftari langu karibu na uso. Akapitisha kidole kwenye ule mstari wa juu, polepole.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa na deni la muhula wa kwanza. Karatasi ya madai mliyoniletea muhula ulipoanza ilisema ishirini na nne na mia tano, nikaishika hiyo kichwani. Lile la mwanzo nilidhani limo ndani." Akavua miwani akaipangusa. "Uzee, mwanangu. Niwie radhi. Jana nilikusemesha vibaya."

Akatia mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa fedha zilizofungwa kwa mpira. Alikuja nazo, kumbe. Alikuja tayari kushindwa. Akaanza kuhesabu juu ya meza, noti za mia mbili mia mbili, fedha za mauzo ya bawaba, na kila akimaliza elfu anaipigapiga pembeni iwe sawa.

Nami nimekaa namtazama. Nilidhani limo ndani. Maneno hayo hayakuniacha. Nikatupa jicho ukurasa wa mbele wa daftari, ambako nimebandika karo za mwaka. Muhula mmoja, elfu kumi na nane. Mwenye kula shuleni anaongeza, mwenye kupanda basi anaongeza, kwa hiyo jumla za watoto hazilingani, na ndiyo sababu ile ishirini na nne na mia tano haikunishtua tangu Mei. Lakini Lubaba hali shuleni. Duka la babu yake ni hatua mia, anakula kwao. Wala basi hapandi, apandie wapi?

Kumi na nane, jumlisha sita na nusu. Ishirini na nne na nusu.

Lilikuwa limo ndani. Ukurasa wake wa zamani ulijaa siku ile ile muhula wa kwanza ulipofunga. Nikafungua mpya, nikahamisha deni kama inavyotakiwa. Kisha badala ya kuandika karo peke yake, nikanakili jumla ya chini ya karatasi ya madai, ambamo deni lile lilikwisha kuwekwa. Nikamdai mara mbili. Mimi, kwa mwandiko wangu, na wino wangu wa buluu.

Mzee alikuwa amefika elfu nne.

Nitasema ukweli, maana nimeanza nao. Hakuna mtu aliyeona. Mwalimu Mutunga yuko darasani, mzee mwenyewe ameshakubali na ameomba radhi. Ningekaa kimya dakika mbili, nikakata risiti, Lubaba akarudi kumaliza kazi yake, na miaka yangu kumi na moja ikabaki safi. Nyani haoni kundule, lakini akishaliona, afanyeje?

"Mzee Abdeali," nikasema. "Rudisha fedha zako mfukoni."

"Ngoja nimalize, nisije nikasahau hesabu."

"Hudaiwi. Limo ndani. Nimekosea mimi."

Akanitazama. Nikageuza daftari upande wake nikamwonyesha, karo ya kumi na nane kule mbele, mstari wa juu huku. Nikaenda mbio kumwita Mwalimu Mutunga, kwa sababu daftari halifutwi wala halipakwi rangi nyeupe. Kosa likishaandikwa hukaa, na marekebisho huandikwa mstari mpya, kwa wino mwekundu, na mwalimu mkuu hutia sahihi. Mutunga akasikiliza, akatoa kichwa dirishani akamwambia Fondo wa getini aende mbio dukani amlete Lubaba.

Nikashika kalamu nyekundu. Sikuwahi kuitumia katika ukurasa wa mtoto yeyote. Nikaandika: Deni la muhula wa kwanza liliingizwa mara mbili, toa elfu sita na mia tano. Kosa la mhasibu. Na katika safu ya kulia, sifuri.

Mutunga akatia sahihi. Mzee Abdeali akaomba asome. Akalisoma neno kwa neno, kwa sauti, mpaka pale kwenye kosa la mhasibu, nami nimeinamisha uso nangoja nipate ninachostahili, ile habari ya miwani na mengineyo.

"Halijakamilika," akasema.

"Kimebaki nini, Mzee?"

"Ongeza hapo: limegunduliwa na mhasibu mwenyewe."

Machozi yakanitoka, naona aibu kusema. Lubaba alikuwa ameshafika mlangoni, anahema, begi mgongoni, anauliza kama aende darasani au asubiri. Nikamwambia aende. Kisha nikaongeza yale maneno, kwa wino ule ule mwekundu, na babu yake amesimama juu yangu kuhakikisha nimeyaandika yote.